Chujio la shawa na maji ya kisima: klorini linaiweza, chokaa hapana

*Shikamoo mtaalamu. Mdogo wangu aliyeko Marekani kaniletea chujio la shawa. Boksi limeandikwa hatua 15, linaondoa klorini na maji magumu, katriji ibadilishwe kila miezi sita. Sisi huku Tegeta tuna kisima na Dawasa, vyote vinaingia tenki moja. Nywele zangu zimekuwa kama katani na zinakatika, mtoto wangu wa pili ana pumu ya ngozi, na shawa inaota ukoko mweupe kila mwezi. Nimelifunga wiki ya tatu sasa, maji yamepungua nguvu na ukoko uko palepale. Je, nimeletewa feki? Na hiyo miezi sita ni kweli?*

Marahaba dada. Huenda chujio lako ni zima kabisa, ila limefungwa kwenye maji yasiyo na kile linachokiweza. Kazi yake ni klorini, na kwenye tenki lako klorini karibu haipo. Kinachokusumbua wewe ni chokaa, na chokaa ya kisima haiondolewi na katriji ya ukubwa wa kikombe, iwe ya hatua 15 au 50.

Kwanza tuelewane kuhusu neno moja linalowapotosha wengi. Watu wa pwani tukiona maji ya kisima hayatoi povu tunasema ni "maji ya chumvi", lakini humo mna vitu viwili tofauti. Kuna chumvi yenyewe, ile ya mezani, ambayo unaisikia ulimini. Halafu kuna kalsiamu na magnesiamu, ambazo maji huzibeba yakipita kwenye mawe ya chokaa na matumbawe yaliyo chini ya sehemu kubwa ya pwani yetu. Hizi mbili ndizo zinazofanya maji yaitwe magumu: ndizo zinazoua povu la sabuni, zinazoacha ukoko ndani ya birika na kuziba vitundu vya shawa. Kisima kinaweza kuwa na kimoja kati ya hivyo, au vyote viwili, hasa kikiwa karibu na bahari. Chumvi ya mezani haiondolewi na chujio lolote la shawa, kwa hiyo hiyo tuiweke kando.

Klorini ni habari nyingine kabisa. Hiyo inawekwa na mamlaka ya maji kwenye mtambo ili kuua vijidudu, na kiasi kinachotakiwa kubaki maji yanapofika bombani ni kidogo mno. Shirika la Afya Duniani linataka angalau miligramu 0.2 kwa lita pale maji yanapomfikia mtumiaji, na mara nyingi mabomba hubeba kiasi cha nusu miligramu hivi. Maji magumu ya kisima yanaweza kubeba miligramu 300, 400 na kuendelea kwa lita, ukipima kwa kipimo cha kalsiamu kaboneti kinachotumiwa na maabara. Jedwali la Marekani, ambako chujio lako limetoka, huyaita maji "magumu sana" yakishavuka miligramu 180.

Hapo ndipo siri yote ilipo. Klorini ni nusu miligramu, chokaa ni mia nne. Chujio lile lile, lenye tumbo lile lile, linaambiwa likabili vitu viwili ambavyo kimoja ni mara 800 ya kingine.

Siku moja nilikaa jikoni na katriji ya aina kama hiyo yako, niliyopewa na mteja aliyekwisha kuikatia tamaa. Niliikata kwa msumeno wa chuma na kumwaga vilivyomo kwenye sinia. Kulikuwa na vipande viwili vya pamba nyeupe juu na chini, wavu mdogo wa chuma, unga wa kahawia unaong'aa kama shaba iliyosagwa, mkaa mweusi wa chenga, vidonge vyeupe vidogo mfano wa ulezi, vingine vya rangi ya udongo vya kupendezesha macho, na punje za manjano zinazopitisha mwanga kama mayai ya samaki. Vyote kwa pamoja havikujaa kikombe cha chai, yaani chini ya mililita 200. Zile punje za manjano, ambazo ndizo pekee zingeweza kugusa chokaa, zilikuwa vijiko viwili vya chakula. Hatua 15 maana yake ilikuwa hiyo: kila kitu kijiko, na kila kijiko kimepewa namba.

Punje za manjano huitwa resini. Zinafanya kazi ya kubadilishana: zinaikamata kalsiamu na kuachia sodiamu. Ni mbinu ya kweli, ndiyo inayotumika kwenye mitambo mikubwa ya kulainisha maji. Ila uwezo wake una kikomo kinachojulikana. Lita moja ya resini ya kawaida ina nafasi ya kukamata takribani gramu 100 za chokaa, basi, na hiyo ni ikiwa mpya na kila punje imefanya kazi mpaka mwisho. Katika matumizi ya kweli unapata kama nusu yake.

Sasa tulipendelee chujio kwa kila namna. Tujifanye kikombe chote, mililita 200 kamili, kimejaa resini tupu bila mkaa wala madoido, na kila punje inafanya kazi kwa ukamilifu. Uwezo wake utakuwa gramu 20, sawa na miligramu 20,000. Maji ya kisima chako tuyakadirie miligramu 400 kwa lita. Gawanya 20,000 kwa 400, unapata lita 50.

Lita 50 ni nini? Chukua ndoo ya lita 20, ikinge chini ya shawa na uangalie saa. Ikijaa kwa dakika mbili na nusu, shawa yako inatoa lita nane kwa dakika, kiasi cha kawaida. Mtu akikaa chini yake dakika sita ametumia lita 48. Kwa hiyo katriji ile, kwa upendeleo wote tuliompa muuzaji, inalainisha maji ya mtu mmoja kuoga mara moja. Akiingia wa pili anaogea kisima kama kilivyo. Kwa vile vijiko viwili nilivyovikuta mimi, resini inaisha kabla hujamaliza kusugua mgongo. Ndiyo maana ukoko wako uko palepale wiki ya tatu, na ungekuwa palepale hata siku ya pili.

Na wewe usinisadiki kwa maneno tu. Tafuta chupa tatu ndogo za maji zenye vifuniko. Moja tia maji ya mvua, ya pili maji ya tenki kabla ya chujio, ya tatu maji yaliyopita kwenye chujio. Zote zijaze nusu. Kwangua sabuni ya mche, kijiko cha chai chenye usawa mmoja kwa kila chupa, funga na utikise mara ishirini. Tumia sabuni ya mche au ya kipande, si ya unga wala ya maji, kwa sababu hizo zimetengenezwa zitoe povu hata kwenye maji magumu na zitakudanganya. Chupa ya mvua itajaa povu zito linalokaa. Ya kisima itakuwa na maji meupe yenye mawingu na utando wa machicha juu. Machicha hayo ni sabuni iliyoshikana na kalsiamu, na ndiyo hiyo hiyo inayobaki kwenye nywele zako. Kama chupa ya tatu inafanana na ya pili, umeshapata jibu la chujio lako kuhusu maji magumu.

Usikubali mtu akupimie kwa kile kikalamu cha kidijitali kinachoandika ppm. Kinapima jumla ya vitu vilivyoyeyuka majini kwa kuangalia jinsi umeme unavyopita, hakijui kalsiamu wala klorini. Hata mtambo mzuri wa resini haushushi namba ile, kwa kuwa unatoa kalsiamu na kuweka sodiamu mahali pake. Ukitaka namba ya ugumu yenyewe, peleka chupa kwenye maabara ya ubora wa maji ya Wizara ya Maji. Zipo katika mikoa mingi. Au nunua karatasi za kupimia zinazobadilika rangi, zinatosha kwa makadirio.

Turudi kwenye klorini, maana huko hesabu inageuka. Katika ule unga wa kahawia, boksi huuita KDF, mna shaba na zinki zilizochanganywa. Klorini ikiugusa inageuka kloridi, kitu kile kile kilichomo kwenye chumvi ya mezani, na harufu inakufa. Vile vidonge vyeupe mara nyingi ni kalsiamu salfaiti, nayo inaimaliza klorini kwa haraka hata kwenye maji ya moto, ila yenyewe inaliwa kidogo kidogo kila siku. Mkaa unafanya kazi nzuri kwenye chujio la maji ya kunywa, ambako maji yanapita polepole. Kwenye shawa maji yanapita ndani ya kikombe kile kwa sekunde moja na ushei. Mimi mkaa peke yake kwenye shawa siuhesabii.

Chukua gramu 50 tu za kalsiamu salfaiti. Kila gramu moja ya klorini inakula kama gramu 1.7 za salfaiti, kwa hiyo gramu 50 zinatosha, kwenye karatasi, gramu 29 hivi za klorini. Kwa maji yenye nusu miligramu kwa lita hizo ni lita zaidi ya 58,000. Uhalisia unapungua kwa sababu vidonge vinayeyuka pia bila kukutana na klorini na maji hujitafutia njia ya mkato pembeni, lakini unaona tofauti: kikombe kile kile kinachoshindwa na lita 50 za chokaa kinaweza kushughulikia maelfu ya lita za klorini. Ndiyo maana kiwango cha Marekani cha vyombo hivi, NSF/ANSI 177, kinapima upunguzaji wa klorini huru na kuishia hapo. Ukiona alama hiyo kwenye boksi, maana yake chombo kimepimwa kwa klorini. Maneno "maji magumu" yaliyoandikwa karibu nayo hayamo kwenye cheti hicho.

Kwa mdogo wako huko aliko, basi, zawadi hii ina mantiki. Bomba lake linatoka moja kwa moja kwenye mtandao wa mji, maji yanafika na dawa yake. Hata huko kuna mtego: miji mingi ya Marekani inatumia kloramini, yaani klorini iliyofungwa pamoja na amonia, nayo ni ngumu kuvunjika kwa sekunde moja. KDF haiiwezi vizuri. Inayoimudu ni vitamini C, ambayo huuzwa kwenye katriji zake peke yake. Mwambie aangalie taarifa ya maji ya mji wake kabla ya kununua nyingine.

Kwako Tegeta mambo ni tofauti. Kisima hakina klorini mpaka mtu aiweke. Maji ya Dawasa yanakuja nayo, lakini yanaingia tenki jeusi juani, yanachanganyika na ya kisima, yanakaa siku mbili tatu. Joto, hewa, na uchafu uliotulia chini ya tenki vinaila ile nusu miligramu. Kwa mtu anayeoga kutoka tenki la namna hiyo, chujio la klorini linasubiri adui aliyekwisha ondoka.

Hili nalo unaweza kulipima. Maduka ya vifaa vya mabwawa ya kuogelea huuza kiboksi chenye kichupa cha matone na mrija mdogo wenye ngazi za rangi. Tone likiingia kwenye maji yenye klorini yanakuwa ya manjano, na kadiri manjano inavyokolea ndivyo klorini ilivyo nyingi. Aina nyingine ya vidonge inatoa rangi ya waridi. Siku Dawasa wakifungua, pima maji ya bomba la uani yanayotoka moja kwa moja, kisha pima ya shawa. Nina hakika ya kutosha kwamba la uani litakupa rangi na la shawa litabaki kama maji. Maji ya kupimia yamwage chini, usiyarudishe kwenye ndoo.

Ikiwa shawa nayo itatoa rangi, nimekosea kuhusu tenki lako na chujio lina kazi. Hapo ndipo suala la miezi sita linakuwa na maana.

Tazama tena boksi. Karibu kila mara kuna namba ya pili kwa herufi ndogo, mara nyingi galoni 10,000, ambazo ni karibu lita 38,000. Miezi sita ni tafsiri ya namba hiyo kwa nyumba fulani ya kufikirika. Nyumba yako si hiyo. Tuseme mko wanne, na kwa joto letu kila mtu anaoga asubuhi na jioni. Ni mara nane kwa siku, kwa lita 48 kila mara, jumla karibu lita 384. Gawanya 38,000 kwa 384, unapata siku 99. Miezi mitatu na kidogo, si sita. Mtu anayeishi peke yake na kuoga mara mbili angefika mwaka mzima na zaidi kwa hesabu hiyo hiyo, lakini yeye naye asifike huko, kwa sababu nitakayoitaja.

Kinachowachanganya wengi ni dalili. Maji yakipungua nguvu wanasema katriji imekwisha. Hapana, hiyo ni pamba ya juu imejaa tope na kutu, wala haisemi lolote kuhusu klorini. Kwetu hapa, bomba likipasuka barabarani na kufungwa, maji ya kwanza yanayokuja yana rangi ya chai, na chujio moja jipya linaweza kuziba wiki hiyo hiyo huku KDF ndani haijaanza hata kazi. Kinyume chake kinatokea pia: maji yanatiririka vizuri, katriji inaonekana safi, na klorini inapita yote. Njia ya kujua ni matone yale: pima kabla na baada ya chujio siku unapoifunga, halafu kila mwezi. Rangi ya baada ikianza kukaribia rangi ya kabla, imekwisha, hata kama boksi lina miezi miwili mbele. Katriji za vitamini C ni rahisi zaidi, maana dawa yenyewe unaiona ikipungua ndani ya bomba la plastiki.

Sababu ya kutofika mwaka ni vijidudu. Klorini ndiyo iliyokuwa ikivizuia, nawe umeiondoa hatua moja kabla ya kichwa cha shawa. Ndani ya katriji kuna giza, unyevu, pamba na joto la Dar. Utelezi unaanza kujengeka humo. Kwa hiyo hata kama hesabu ya lita haijafika, mimi huitupa ikifika miezi sita, na kwa nyumba yenye mzee anayeumwa mapafu au mtu mwenye kinga dhaifu huwashauri wasiifunge kabisa bila sababu ya maana. Mkisafiri wiki mbili, mkirudi fungua maji yatiririke dakika mbili tatu huku umetoka bafuni, ndipo mtu aingie.

Kupungua nguvu kwa maji yako kuna sababu nyingine ambayo haikuandikwa kwenye boksi, nayo ni urefu wa mnara wa tenki. Kila mita kumi za kimo zinatoa msukumo wa takribani baa moja. Tenki lililokaa juu ya mnara wa mita tatu, na shawa iko mita mbili kutoka chini, linasukuma kwa kimo cha mita moja hadi mbili tu, yaani baa 0.1 mpaka 0.2. Machujio haya yametengenezwa kwa nyumba zenye baa mbili, tatu. Ukiongeza pamba mbili na kikombe cha chenga njiani, lazima maji yadondoke. Kama huna pampu ya kuongeza nguvu, hilo pekee linatosha kulivua.

Na kama bafuni mna shawa ya umeme, ile inayopasha maji papo hapo kichwani, chujio lisifungwe kamwe upande wa kutolea maji. Vyombo vile vimetengenezwa mdomo ukiwa wazi. Ukiuziba, joto na msukumo vinajikusanya ndani penye waya za moto. Upande wa kuingizia linaweza kukaa, lakini kwa msukumo wa tenki lako swichi ya ndani huenda isiwake. Chokaa pia ndiyo inayoua waya za shawa hizo, kwa hiyo ukinunua nyingine ulizia iliyotengenezwa kwa maji ya chumvi, zipo madukani.

Sasa nywele na mtoto. Klorini ya nusu miligramu si ya kufanya nywele ziwe katani. Machicha ya sabuni na kalsiamu yanayokaa juu ya unywele yanaweza: unakuwa mkavu, mgumu, unasuguana na wenzake na kukatika katikati. Angalia zile zinazobaki kwenye kitana. Kama ni vipande vifupi visivyo na kile kidoti cheupe mwishoni, zinakatika, na maji yanaweza kuwa mshtakiwa, pamoja na dawa za kunyoosha na kusuka kwa kukaza. Kama ni ndefu na zina kidoti cha mzizi, zinang'oka, na hilo ni la kumwona daktari wa ngozi. Maji yanayopita juu hayafiki kwenye mzizi.

Kuhusu pumu ya ngozi nitakueleza moja kwa moja, kwa sababu wauzaji wanapenda kuitumia kumbana mzazi. Uingereza walifanya jaribio kubwa, matokeo yakachapishwa mwaka 2011: watoto 336 wenye ugonjwa huo, wengine wakafungiwa nyumbani mitambo kamili ya resini pamoja na matibabu yao ya kawaida, wengine wakaendelea na matibabu peke yake. Baada ya wiki 12 mitambo ile haikuonyesha faida ya ziada. Na ile ilikuwa mitambo inayolainisha maji kweli, si kikombe. Mtoto wako aendelee na mafuta na dawa alizoandikiwa, aoge haraka kwa maji ya uvuguvugu, na sabuni ya kipande iondoke bafuni kwake, maana ndiyo inayotengeneza machicha. Sabuni laini ya maji isiyo na manukato inafanya kazi hata kwenye maji ya kisima.

Ungeniuliza pesa uziweke wapi, ningekujibu usinunue katriji nyingine. Mwite fundi bomba akutenganishie matenki. Maji ya Dawasa kwa huko kwenu yanatoka mto Ruvu, na maji ya mto huwa na chokaa kidogo kuliko visima vingi vya pwani. Mkiyachanganya nusu kwa nusu mnayaharibu yale mazuri: tuseme kisima ni 400 na mto ni 60, mchanganyiko unakuwa 230, bado magumu sana. Tenki dogo la lita 1,000 la Dawasa peke yake liende bafuni na jikoni, kisima kiende vyooni, bustanini na kuosha gari. Kwa matumizi yenu ya kuoga, lita 1,000 ni siku mbili na nusu. Kama mgao wa Dawasa kwenu ni mrefu kuliko hapo, basi weka ndoo moja ya maji yake, au ya mvua, kwa ajili ya suuza ya mwisho ya nywele tu. Lita tano za mwisho ndizo zinazobaki kichwani zikikauka, na hizo ndizo zinazofaa kuwa laini.

Kwa anayetegemea kisima tu, kuna mtambo wa kweli wa kulainisha: tangi la resini na pipa la chumvi pembeni. Resini lita 25, kwa nusu ya uwezo wake, inakamata gramu 1,250, ambazo kwa kisima cha 400 ni kama lita 3,100, siku nane za kuoga watu wanne. Ikishajaa inaoshwa kwa kilo tatu hivi za chumvi ya kawaida na kuanza upya. Linganisha na lita 50 zile. Ila kama maji yana ladha ya chumvi ulimini, usiununue kabla ya kupima maabara. Sodiamu ikiwa nyingi tayari, resini inashindwa kufanya biashara yake vizuri.

Na ukoko ulioko sasa: mimina siki nyeupe kwenye mfuko wa plastiki, kichwa cha shawa kizame ndani, funga kwa mpira kwenye shingo, acha saa moja, kisha sugua vitundu kwa mswaki wa zamani. Utaona inatoa mapovu madogo; hiyo ni chokaa inayeyuka. Isikae usiku kucha kama kichwa kimepakwa kromu, kitababuka. Bafu lisiwe limetoka kuoshwa kwa Jik, kwa sababu siki na Jik vikikutana vinatoa gesi ya klorini, na ile haihitaji chujio, inahitaji ukimbie nje. Kwa maji yako ningefanya kazi hii kila wiki tatu.

Chujio lenyewe livue, ulikaushe juani, ulirudishe kwenye boksi. Siku utakapokuwa na laini ya Dawasa inayoingia bafuni bila kupitia tenki na matone yakaonyesha manjano, lifunge tena, uandike tarehe kwa kalamu ya wino usiofutika kwenye kifuniko, na uhesabu siku 99.